Tatizo kwanza au ushahidi kwanza? Njia mbili za kuandika muhtasari ambao mwekezaji ataumaliza

Kwa muda nimekuwa nikichuja mihtasari ya biashara kabla haijamfikia mwenye fedha, na tofauti kubwa kati ya unaosomwa hadi mwisho na unaoachwa njiani huonekana katika aya ya kwanza. Anayeandika ana njia mbili za kuianza. Anaweza kueleza tatizo, kisha suluhisho, kisha soko, timu na hesabu, na mwishoni kabisa ataje fedha anazotafuta. Au anaweza kuanza na alichokwisha kufanikisha na kiasi anachotafuta, kisha ndipo aeleze mengine. Njia ya kwanza nitaiita ya simulizi, ya pili nitaiita ya ushahidi. Kila moja ina mahali pake, na mwandishi hahitaji kubahatisha anapochagua.

Tuzilinganishe kwa kampuni moja, niliyoitunga kwa kazi hii. Inatengeneza kihisi kidogo kinachofungwa kwenye kompresa ya ghala la baridi. Kihisi hupima mtetemo wa kompresa na kumtumia msimamizi onyo siku kadhaa kabla kompresa haijaharibika. Maghala 41 yanalipia huduma hiyo, kila moja wastani wa dola 230 kwa mwezi. Mwaka mmoja uliopita yalikuwa 12, na katika muda huo yameacha mawili. Waanzilishi wanatafuta dola 600,000.

Muhtasari wao wa kwanza, wa simulizi, ulianza hivi:

> Maghala ya baridi hupoteza bidhaa nyingi kila mwaka kutokana na kuharibika kwa mitambo. Mara nyingi msimamizi hugundua hitilafu joto likiwa limeshapanda, na shehena inakuwa imeshaharibika. Mifumo iliyopo haikidhi mahitaji ya sasa. Sisi tumebuni mfumo wa kisasa unaotumia vihisi na uchambuzi wa takwimu ili kuboresha usimamizi wa maghala.

Wa pili, wa ushahidi, ulianza hivi:

> Tunawauzia wenye maghala ya baridi kihisi kinachowaonya siku kadhaa kabla kompresa haijaharibika. Maghala 41 yanatulipa wastani wa dola 230 kwa mwezi. Mwaka mmoja uliopita yalikuwa 12, na yaliyoacha tangu hapo ni mawili. Tunatafuta dola 600,000 ili tufikishe maghala 150 ndani ya miezi 18.

Jiweke katika nafasi ya msomaji ambaye ana mihtasari mingine kumi ya kupitia asubuhi hiyo. Mwaka 2015 kampuni ya DocSend, ambayo humwezesha mtu kutuma hati na kuona imefunguliwa kwa muda gani, ilitoa takwimu zilizoonyesha kwamba wawekezaji walitumia wastani wa dakika 3 na sekunde 44 kwa slaidi zote za kampuni inayotafuta mtaji. Hizo ni slaidi nzima, na muhtasari ni ukurasa mmoja tu. Kwa kasi hiyo msomaji hawezi kuwa anapima hoja zako moja moja. Anachotafuta ni kujua kama aendelee au afunge.

Ili aamue hivyo anahitaji mambo matatu: biashara hii ni ya aina gani, imefika hatua gani, na inataka kiasi gani. Hayo matatu yana sababu ya kikazi. Mfuko wa uwekezaji huwa na mipaka uliyojiwekea au iliyowekwa na waliouchangia: sekta unazoingia, hatua ya ukuaji unayoikubali, na ukubwa wa hundi unaoandika. Mfuko unaotoa milioni tano kwa kila kampuni hautahangaika na dola 600,000, hata kama kihisi ni kizuri namna gani. Mfuko unaotaka kampuni yenye mapato hautagusa iliyo kwenye majaribio. Kwa hiyo kiasi unachoomba kinamsaidia msomaji kuchuja tangu mwanzo, na kukiweka mwishoni ni kumlazimisha akitafute. Wengi hawatafuti.

Hapo ndipo muhtasari wa kwanza unaposhindwa. Soma tena sentensi zake nne. Tatu za kwanza zingeweza kuandikwa na kampuni yoyote ya sekta hiyo, hata mshindani. Ya nne imejaa maneno yasiyoweza kupimwa: "wa kisasa", "kuboresha". Msomaji amemaliza aya nzima na bado hajui kama kuna mteja hata mmoja anayelipa.

Lipo jambo lingine linalosahaulika. Mara nyingi anayesoma kwanza si mwenye uamuzi. Ni msaidizi au mchambuzi, ambaye akivutiwa atamweleza mkubwa wake kwa mdomo, pengine wakiwa wanatoka kwenye kikao. Aya ya pili inabebeka: "Wana maghala arobaini na moja yanayolipa, mwaka jana yalikuwa kumi na mawili, wanataka laki sita." Ya kwanza haibebeki, kwa sababu hakuna cha kushika ndani yake. Mchambuzi atabaki kusema "ni kampuni ya vihisi", na mazungumzo yataishia hapo.

Kufikia hapa itaonekana kama njia ya ushahidi imeshinda. Imeshinda kwa kampuni hii, kwa sasa. Turudi nyuma mwaka mmoja na nusu, tuseme waanzilishi walikuwa na maghala matatu yanayojaribu kihisi bila malipo. Wangeanza kwa ushahidi wangeandika: "Maghala matatu yanajaribu kihisi chetu bure." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini ukiitanguliza unamwonyesha msomaji udhaifu wako kabla ya nguvu yako. Wakati ule nguvu yao haikuwa mauzo. Walikuwa na jambo walilolijua ambalo wengine hawakuwa wameligundua. Kwa hali hiyo simulizi ndiyo njia sahihi, ila iwe simulizi ya namna nyingine kabisa:

> Kipimajoto cha ghala la baridi hutoa onyo joto likishapanda, na kufikia hapo muda wa kuokoa shehena ni mfupi. Kompresa yenyewe hubadilisha mtetemo wake siku kadhaa kabla. Mmoja wetu ametengeneza kompresa kwa miaka tisa na alikuwa akitambua mabadiliko hayo kwa kugusa. Tumekifanya kihisi kiyatambue badala yake. Katika maghala matatu ya majaribio, kimeonya mapema kwa hitilafu nne kati ya tano. Tunatafuta dola 120,000 ili tujaribu kwa maghala 20 yanayolipa.

Hii nayo ni simulizi, na nayo imeanza na tatizo. Linganisha na ile ya mwanzo. Badala ya kusema bidhaa nyingi hupotea, inaeleza kwa nini kipimajoto hakitoshi, na maelezo hayo yana mantiki ya kiufundi ambayo msomaji anaweza kuikubali au kuihoji: beringi inayoshikilia mhimili wa kompresa ikianza kulika, mtetemo hubadilika kabla joto la chumba halijabadilika. Inaonyesha jambo hilo limejulikanaje na nani amelijua. Imetaja hitilafu moja ambayo kihisi hakikuiona, na hiyo imeongeza uaminifu, kwa sababu nne kati ya tano ni hesabu ya mtu aliyepima. Na ombi bado limo ndani ya aya ya kwanza. Hilo halibadiliki katika njia yoyote.

Basi swali la kujiuliza kabla hujachagua ni hili: kama msomaji angekumbuka sentensi moja tu, ungetaka iwe ipi? Ikiwa ni namba ya wateja au mapato yanayokua, anza na ushahidi. Ikiwa ni jambo mnalolijua ambalo halijulikani, anza na simulizi, na jambo hilo liwe sentensi ya kwanza au ya pili. Ikiwa huna jibu, tatizo haliko kwenye muhtasari, na mpangilio hautalitatua.

Msomaji naye anaweza kubadilisha uamuzi. Mwekezaji ambaye ameshaweka fedha katika kampuni za mitambo hahitaji kuelezwa kwamba kompresa huharibika, na ukimwanzia huko utamchosha. Mwekezaji mwenye uzoefu wa programu za fedha anaweza kuangalia maghala 41 asielewe kwa nini mtu alipe dola 230 kila mwezi wakati kipimajoto kipo. Kwa huyu wa pili ningeongeza sentensi moja ya sababu mara baada ya sentensi ya kwanza ya njia ya ushahidi, bila kugeuza muundo mzima.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kuchanganya njia zote mbili kwa usawa. Mwandishi anaanza na namba, anaogopa hazijaeleweka, anaongeza aya ya tatizo, kisha anazirudia namba chini yake. Matokeo ni kurasa mbili zenye mianzo miwili, na msomaji anahisi anaanza upya kila baada ya aya. Chagua mwanzo mmoja. Sehemu iliyobaki ya ukurasa hufanana karibu kabisa katika njia zote mbili, na ndiyo inayoamua kama aliyeanza kusoma atafika chini.

Katika sehemu hiyo iliyobaki, naona hesabu mbili zinastahili nafasi kubwa kuliko vingine vyote.

Ya kwanza ni hesabu ya mteja mmoja. Muhtasari mwingi huandika "faida ghafi ni asilimia 70" na kuishia hapo. Asilimia peke yake haimwonyeshi msomaji biashara inavyofanya kazi. Andika hivi: kati ya dola 230 anazolipa mteja kwa mwezi, dola 70 huenda kwenye kumhudumia, 160 hubaki. Kumpata mteja mmoja hugharimu dola 900 za mauzo, na kihisi chake dola 310 kukitengeneza na kukifunga, jumla 1,210. Gawanya kwa 160, gharama ya mteja inarudi katika mwezi wa nane. Msomaji anaweza kuirudia hesabu hiyo kichwani, na kwa kuwa ameirudia mwenyewe, anaiamini. Pia anaiunganisha mara moja na namba aliyoiona juu: ikiwa maghala mawili tu yameacha kwa mwaka mzima, mteja wa kawaida anakaa muda mrefu zaidi ya hiyo miezi minane.

Anayeandika kwa simulizi akiwa bado hana wateja wanaolipa hana hesabu hii. Asiitunge. Nafasi yake iwekwe vipimo vya majaribio: vihisi vingapi, kwa muda gani, hitilafu ngapi zilizotokea, ngapi zilizoonywa, na maonyo mangapi ya uongo. La mwisho hilo ni muhimu kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu msimamizi akiamshwa usiku mara tatu bure atakizima kihisi, na mwekezaji makini atauliza.

Hesabu ya pili ni ya ombi lenyewe. Namna ya kawaida ya kuiandika ni "asilimia 40 masoko, asilimia 35 teknolojia, asilimia 25 uendeshaji". Mgawanyo huo haumwambii mtu chochote, na mwekezaji hawezi kujua kama kiasi kinatosha au kimezidi. Angalia kinachotokea akikaa na kalamu. Kutoka maghala 41 hadi 150 ni maghala 109 mapya. Kila moja linagharimu dola 1,210 kulipata na kulifungia, hivyo yote ni karibu dola 132,000. Yeye anaona mnaomba 600,000. Zile 468,000 nyingine ni za nini? Kama ukurasa haujajibu, atajaza jibu mwenyewe, na jibu lake litakuwa baya.

Katika kampuni yetu jibu zuri lipo, lilikuwa limefichwa tu nyuma ya asilimia. Sasa hivi matumizi yanazidi mapato kwa dola 14,000 kila mwezi. Kwa miezi 18 hiyo ni dola 252,000. Wanataka kuajiri wahandisi watatu kwa dola 4,000 kila mmoja kwa mwezi, na kwa miezi 18 ni 216,000. Jumlisha na zile 132,000, unapata 600,000. Sentensi mbili zinatosha kuyasema:

> Dola 132,000 zitapata na kufungia maghala 109 mapya, 252,000 zitafunika pengo la sasa la 14,000 kwa mwezi kwa miezi 18, na 216,000 zitalipa wahandisi watatu. Mapato ya maghala mapya hayamo katika hesabu hii na ndiyo akiba yetu.

Sentensi ya pili kati ya hizo ina kazi kubwa. Msomaji mwerevu ataona kwamba pengo la 14,000 litapungua kadiri maghala yanavyoongezeka, na angeweza kudhani waanzilishi hawajaliona. Wakilitaja wenyewe kama akiba ya dharura, inaonekana wamepanga kwa tahadhari.

Vingine vipite haraka. Soko lielezwe kwa sentensi mbili, kwa kuhesabu kutoka chini: maghala mangapi mnayoweza kuyafikia mara malipo ya mwaka ya ghala moja, ambayo hapa ni dola 2,760. Madai ya kupata asilimia moja ya soko la mabilioni yaachwe kabisa. Timu ipate sentensi moja kwa kila mwanzilishi, na sentensi hiyo iseme kile tu kinachohusu kompresa, mauzo kwa maghala au utengenezaji wa vifaa. Washindani watajwe kwa jina na tofauti yenu nao ielezwe. Kusema hamna mshindani kunamfanya msomaji aamini kwamba hamjatafuta, na kipimajoto cha kawaida tayari ni mshindani.

Kuna hitilafu moja inayoua mihtasari mizuri ya njia ya ushahidi, nami ningependa kila anayeichagua aiangalie mara mbili. Namba za muhtasari lazima zilingane na za slaidi na za jedwali la hesabu. Maghala 41 mara dola 230 ni dola 9,430 kwa mwezi. Slaidi zikionyesha 11,000, msomaji atasimama hapo hapo. Mara nyingi hakuna udanganyifu: mtu mmoja amehesabu wanaolipa, mwingine amehesabu waliosaini mkataba, wakiwemo ambao kihisi hakijafungwa. Tofauti ya maghala saba yaliyosaini lakini hayajaanza kulipa inatosha kuleta pengo hilo. Mwenye simulizi ana namba chache, hivyo hatari yake ni ndogo. Mwenye ushahidi ameweka namba mbele kabisa, kwa hiyo namba moja ikiyumba, zote zinatiliwa shaka. Amua neno moja, ama "wanaolipa" ama "waliosaini", litumike kila mahali, na weka mwezi ambao hesabu imefungwa.

Ukishaandika, jaribu kabla hujatuma. Mpe mtu asiyeijua kampuni yenu aya ya kwanza kwenye simu, kwa sababu huko ndiko itakakofunguliwa mara nyingi, naye asome kwa dakika moja. Ichukue, kisha muulize: wanamuuzia nani kitu gani, wamefika wapi, wanataka kiasi gani? Akikosa la kwanza, umeanza na maneno ya jumla. Akikosa la pili, ushahidi umezama chini. Akikosa la tatu, ombi limefichwa. Akijibu yote matatu lakini akauliza "kwani kipimajoto hakitoshi?", basi kwa wasomaji wa aina yake unahitaji ile sentensi ya sababu kutoka upande wa simulizi.

Majibu ya wawekezaji wenyewe yanaonyesha jambo hilohilo. Akikuandikia "je, mna wateja?" ilhali umewataja, hakufika walipo, nawe unajua wapandishwe. Akiuliza "mnalenga maghala ya aina gani?", ameishia kwenye sentensi ya kwanza. Akiuliza kwa nini kumpata mteja kunagharimu dola 900 na kama kiasi hicho kitapanda mkifika maghala mia moja, amesoma mpaka katikati ya ukurasa na amepiga hesabu yake. Na akiuliza kuhusu wale wahandisi watatu, amefika mwisho.